Urefu wa Kebo Iliyosalia Katika Dramu

Aghalabu kebo ya umeme hutoka kiwandani ikiwa imepigwa chapa ya mita juu ya ganda lake, na mwenye kutaka kujua kiasi kilichosalia hana haja ila kusoma namba ya ncha ya nje na namba ya ncha ya ndani, kisha atoe ndogo katika kubwa. Walakini dramu iliyokaa bohari kwa miaka, ikakatwa mara hii na mara ile, ikapigwa na jua hata chapa zikafutika, na ncha yake ya ndani ikazikwa chini ya matabaka, haina ushahidi mwingine isipokuwa umbo lake lenyewe. Umbo hilo siku hizi hutufikia kwa picha ya simu kutoka kwa mtunza bohari aliye mbali, pamoja na swali moja tu: je, itafika mita 500?

Tuiangalie dramu ya chuma, aina ile ambayo sahani zake za pembeni zina spoki, hata kebo huonekana wazi baina ya spoki hizo tangu kitovu hadi tabaka la juu. Mizunguko ya tabaka la ndani ni mifupi na ya tabaka la nje ni mirefu. Lakini kwa kuwa kila tabaka huongeza kiasi kilekile, upungufu wa yale ya ndani hufidiwa sawasawa na ziada ya yale ya nje, na mzunguko ulio katikati huwa ndio wastani wa yote. Basi urefu wa kebo ni mzunguko huo wa kati mara idadi ya mizunguko yote, na idadi hiyo hupatikana kwa kuzidisha hesabu ya matabaka kwa hesabu ya mizunguko iliyolala bega kwa bega katika tabaka moja. Ukiyaandika hayo kwa herufi, R ikiwa nusu kipenyo cha nje, r nusu kipenyo cha kitovu, W upana wa nafasi baina ya sahani mbili, na d unene wa kebo, utapata:

```
L = π × (R² − r²) × W ÷ d²
```

Picha haisemi milimita. Husema uwiano tu, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kipenyo cha sahani kinajulikana, na ni rahisi kukifanya kipimo cha mengine yote, ila sahani iko mbele ya kebo, karibu zaidi na kamera, na kwa hiyo huonekana kubwa kuliko haki yake. Ikiwa kebo imerudi nyuma milimita 40 tu na mpigaji amesimama mita 2, vipimo vya kebo hupungua kwa sehemu 2 katika kila 100, na kwa kuwa nusu kipenyo hupigwa mraba, urefu hupungua kwa sehemu 4, yaani mita 20 katika kila 500. Dawa yake ni mbili. Kwanza mpigaji arudi nyuma mita 6 au zaidi, akabili kitovu moja kwa moja, ndipo avute picha kwa lenzi. Pili, na hii ndiyo bora, kipimo kichukuliwe katika kitovu chenyewe, maadamu ukingo wake uko sawa na kebo na hupungua pamoja nayo. Ukubwa wake hupimwa kwa utepe katika dramu tupu ya aina ileile, ambayo ni nadra bohari kuikosa. Na duara likionekana kuwa duaradufu kwa sababu kamera iliinama, kipenyo cha kweli ni kile kirefu.

Unene wa kebo nao usichukuliwe katika orodha ya muuzaji. Ganda la kebo halilali bila mwanya, na tunachokitaka ni nafasi inayochukuliwa na mzunguko mmoja, si unene wa ganda peke yake. Kwa hiyo mtu aliye bohari aweke rula juu ya mizunguko 10 iliyopangana, asome urefu wake, agawe kwa 10. Kosa dogo hapa lina gharama kubwa, kwani d nayo hupigwa mraba.

Tuchukue mfano. Kitovu kina kipenyo cha milimita 400, basi r ni 200. Katika picha kipenyo cha kitovu ni nukta 1,250, na kipenyo cha tabaka la juu lililokamilika ni nukta 1,850. Uwiano ni 1.48, na R ni milimita 296. Mizunguko 10 imechukua milimita 120, basi d ni 12. Na W ni 480. Mraba wa 296 ukitolewa mraba wa 200 husalia 47,616. Zidisha kwa pai, kisha kwa 480, gawa kwa 144, upate milimita 498,600 na kitu, takriban mita 499. Lau tungaliandika 11.7 kama orodha ilivyosema, jibu lingalikuwa 525: mita 26 za hewa zilizozaliwa na milimita 0.3.

Lakini hesabu hiyo imedhani kwamba kila kebo imekaa juu ya kichwa cha iliyo chini yake. Huenda isiwe hivyo. Machungwa yakipangwa sokoni, la juu hutumbukia katika shimo baina ya yaliyo chini, na kebo laini iliyofungwa kwa mvuto mzuri hutaka kufanya vivyo hivyo, ikapunguza kimo cha kila tabaka hadi sehemu 87 katika 100. Haiwezi kufanya hivyo mzunguko mzima, kwa sababu tabaka moja hupanda kwenda kulia na linalofuata hurudi kushoto, hata kila mzunguko hulazimika kuiruka kebo ya chini mahali fulani; hata hivyo katika milimita 96 za mfano wetu, mahali pa matabaka 8, yanaweza kuingia 9, kila la pili likipungukiwa mzunguko mmoja, na urefu ukafika karibu mita 554. Hakuna kanuni itakayoamua baina ya 499 na 554. Huamua jicho: kuza picha baina ya spoki mbili na uhesabu ncha za matabaka kutoka kitovuni kwenda juu. Ukihesabu 8, kebo zimekaa kichwa juu ya kichwa. Ukihesabu 9, zimetumbukia, na ni afadhali kuiacha kanuni na kuzidisha matabaka uliyoyaona kwa wastani wa mizunguko ya tabaka na kwa mzunguko wa kati. Dramu iliyofungwa ovyo, kebo zikakatizana, haihesabiki kwa njia yoyote katika hizi. Hiyo ipimwe kwa mizani, uzito wa dramu tupu ukitolewa.

Limesalia tabaka la juu, ambalo ni nadra kukamilika, na ambalo picha ya ubavuni hulificha au hulikuza. Mwombe mtunza bohari picha ya pili, kutoka mbele. Ikiwa katika mfano wetu, wenye matabaka 8, juu yake kuna mizunguko 15, kila mmoja una nusu kipenyo cha milimita 302, huongezeka mita 28. Mwenye kulidhani tabaka hilo limejaa angaliongeza 76. Jumla ni 527. Kwa picha nzuri na rula iliyosomwa kwa makini, mimi huacha sehemu 3 katika 100 kwa makosa madogo, nami ningemjibu yule aliyeuliza kwamba kebo yake haipungui mita 511, na kwamba mtaro wa mita 500 utatoshelezwa, iwapo kebo ya kupanda kwenye masanduku ya pande zote mbili haizidi mita 11.