Baa 20 za Nini?

Binamu yangu wa Tabata alinitumia picha mbili za tangazo saa nne usiku, saa ambayo watu wengi hununua vitu wasivyovihitaji. Mashine mbili za espreso za nyumbani, zote nyeusi, zote zinang'aa. Moja imeandikwa “15 Bar”, nyingine “20 Bar Italian Pump, 1350W, 220-240V, Rich Crema”. Ya pili ilimzidi mwenzake laki moja na nusu. Chini ya picha aliandika: “Kaka, si hii ya 20 ndiyo nzuri?”

Nilimjibu asubuhi, na jibu lilikuwa refu kuliko alivyotaka.

Tuanze na hiyo baa, ambayo haina uhusiano na ile ya bia. Ni kipimo cha presha, na baa moja ni karibu sawa na uzito wa hewa unaotukandamiza sote tukiwa usawa wa bahari. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa baa 2 na kidogo, ile ambayo fundi huiita 32. Espreso yenyewe hutengenezwa kwa takriban baa 9, yaani 130 kwa lugha ya fundi, presha inayozidi kidogo ile ya tairi la lori. Taasisi ya espreso ya Italia imeliandika jambo hilo wazi: gramu 7 za kahawa, baa 9, sekunde 25, kikombe cha mililita 25. Inaruhusu baa moja juu au chini, basi. Kiwango hicho kina historia yake. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ya Milano ilitoa mashine iitwayo E61, iliyosukuma maji kwa pampu ya umeme badala ya mkono wa mhudumu kuvuta wenzo wa springi, na baa 9 ikawa kawaida ya migahawa hadi leo.

Sasa, kama kahawa inataka 9, hizo 15 na 20 zinatoka wapi?

Zinatoka kwenye pampu, na kwa kweli si uongo. Ndani ya mashine nyingi za nyumbani kuna pampu ndogo ya mtetemo, isiyozidi kiganja. Ina pistoni inayovutwa na sumaku ya umeme na kurudishwa na springi, mara 50 kwa sekunde kwa umeme wetu. Ndiyo inayotoa ule mngurumo unaoamsha nyumba nzima. Pampu hii ina tabia moja ambayo tangazo haliisemi: presha yake na wingi wa maji yake havipandi pamoja. Iache imwage maji bila kuzuiwa, itatoa zaidi ya nusu lita kwa dakika, lakini presha itakuwa karibu na sifuri. Izibe kabisa, presha itapanda hadi mwisho wake, 15 au zaidi kulingana na aina, lakini hapo hakuna tone linalopita. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni hiyo ya mwisho, pampu ikiwa imezibwa. Kwa maneno mengine, tangazo linakupa presha ya wakati ambapo hupati kahawa.

Ndiyo maana huwa nawaambia watu washike mpira wa kumwagilia bustani. Bomba ni lile lile, maji ni yale yale. Ukiziba mdomo wa mpira kwa kidole, maji yanaruka hadi ukutani kwa jirani. Kwenye mashine, kidole ni kahawa iliyosagwa laini na kushindiliwa ndani ya kichujio. Ikiwa imesagwa kwa ukubwa wa chembe za chumvi, maji yanapita kama kwenye mchanga, na hata pampu ya baa 20 haitafika 4. Ikisagwa vizuri, presha inapanda yenyewe. Pampu husukuma, lakini kahawa ndiyo inayoamua presha itafika wapi.

Na ikipanda kupita kiasi? Mashine iliyotengenezwa kwa makini ina valvu ndogo ya springi inayofunguka presha ikizidi kiwango fulani na kurudisha maji ya ziada kwenye tangi. Kiwanda kikiiweka kwenye 9 au karibu na hapo, pampu iwe ya 15 au ya 20, kahawa itakutana na presha ile ile. Tofauti ya laki na nusu inaishia kwenye springi hiyo. Mashine isiyo na valvu, au yenye valvu iliyokazwa sana, hupeleka 12 au 13 kwenye kahawa. Hapo maji hayapiti sawasawa tena: yanatafuta ufa na kuchimba mfereji, yanakamua kupita kiasi mahali pamoja na kuacha pengine pakavu. Utaligundua kwenye kikombe: uchungu na uchachu kwa pamoja, na maji yanayotoka yakirukaruka. Kwa hiyo 20 haikuongezei ladha, na isipodhibitiwa inaweza kuipunguza.

Kuna upande mmoja tu ambao namba hii inasema jambo la maana, nao ni wa chini. Ukiona “3.5 Bar” au “5 Bar”, ujue kwa kawaida hakuna pampu ndani. Ni boila iliyofungwa kwa kifuniko cha kukaza, maji yanachemka, mvuke unayasukuma yapite kwenye kahawa. Inatoa kahawa nzito na kali, jamaa wa ile birika ya Kiitaliano inayowekwa juu ya jiko, na haina ubaya wowote mradi usiilipie bei ya espreso. Kuanzia 15 kwenda juu, namba imekwisha kazi yake: imekuambia kuna pampu, na hapo inyamaze.

Hiyo “Rich Crema” nayo ina fundo lake. Krema ni lile povu la rangi ya karanga linalokaa juu ya espreso, linalotokana na gesi ya kahawa iliyokaangwa karibuni na mafuta yake kukamuliwa chini ya presha. Tangu Achille Gaggia alipoleta mashine zake za wenzo sokoni mwishoni mwa miaka ya 1940, povu hilo limekuwa chambo cha matangazo. Mashine nyingi za bei nafuu hulipata kwa hila: kichujio cha kuta mbili. Ukuta wa ndani una matundu mengi, wa nje una tundu moja dogo kama la sindano. Hapo anayeziba mpira si kahawa tena, ni tundu. Kahawa ikipita humo kwa kasi inachanganyika na hewa na kutoa povu, hata kama ni ya pakiti iliyokaa kabatini tangu Pasaka. Sikikatai kichujio hicho. Kwa mtu anayenunua kahawa iliyokwisha kusagwa dukani ndicho kinachomfaa, kwa sababu kahawa hiyo haikusagwa laini kiasi cha kuzuia maji yenyewe. Ila povu lake halithibitishi chochote kuhusu baa 20.

Kukitambua ni kazi ya sekunde mbili. Toa kichujio, kiinue kuelekea dirishani, tazama chini yake. Ukiona nuru kwenye mamia ya matundu, ni cha kawaida. Ukiona nukta moja ya nuru, au kwa nje kuna tundu moja tu, ni cha kuta mbili.

Tuje kwenye 1350W. Wati hazihusiani na presha hata kidogo. Pampu yenyewe inakula kama wati 50. Zilizobaki karibu zote ni za kupasha maji. Kwa kikombe kimoja, hesabu ni nyepesi. Gramu moja ya maji inataka jouli 4.2 ili ipande nyuzi moja. Chukua gramu 40 za maji kutoka nyuzi 25 za tangi hadi 93: ni takriban jouli 11,400. Wati moja ni jouli moja kwa sekunde, kwa hiyo katika sekunde 25 za kukamua unahitaji kama wati 460. Hata mashine ya wati 850 ina akiba. Anayekuambia wati nyingi zinatoa espreso tamu zaidi, mwache aendelee na biashara yake. Kinachogusa ladha ni joto kutuliaulia mahali pamoja, na hilo wati hazilisemi.

Wati zinaonekana kwenye maziwa. Kupasha mililita 150 za maziwa kutoka kwenye friji hadi nyuzi 60 kunataka kama jouli 33,000. Mashine ambayo haina boila, bali kitalu cha chuma chenye njia nyembamba ambamo maji hupata joto yakipita, haina akiba ya mvuke. Inautengeneza papo hapo. Kwa wati 1350 ni sekunde 24 na ushee, kwa 850 ni karibu 40, na hapo sijahesabu joto linalopotea. Mvuke dhaifu una maji mengi, nao huyazimua maziwa kabla hayajapata povu. Mnywaji wa kahawa tupu asilipie wati. Mpenda maziwa aziangalie.

Sasa geuza mashine usome kibandiko cha chini, si boksi. Mara nyingi utakuta “220-240V 1130-1350W”. Boksi limebeba namba kubwa ya pili. Nguvu ya kipasha joto hushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo wati 1350 ni za volti 240 kamili. Kwenye 220 unabaki na 1130 na kidogo, na jioni ile umeme wa mtaa unapozama hadi 200, unabaki na kama 940. Binamu yangu alikuwa na hofu ya Luku, nayo nikamtuliza: kupasha boila ya mililita 300 kunakula uniti 0.024, iwe kwa wati 850 au 1350, tofauti ni dakika tu. Kinachomaliza uniti ni kuiacha imewaka asubuhi nzima. Wenye inveta ndio wakae macho. Inveta ya wati 1000 haitoshi kuibeba mashine hii inapopasha.

Mwisho nilimwambia asiulize tena habari za baa. Amwombe muuzaji mambo mawili: picha ya kibandiko cha chini, na picha ya kichujio kikiwa kimeinuliwa kuelekea dirishani. Majibu yalikuja mchana. Kibandiko cha ile ya 20 na cha ile ya 15 vilikuwa na wati zile zile. Vichujio vyote viwili vilikuwa na nukta moja ya nuru katikati.

“Kile chenye matundu mengi hamna?” akauliza.

“Kipo dada,” muuzaji akaandika. “Ila kinauzwa kando, na kinaingia kwenye zote mbili.”