Kikohozi cha Kubweka Usiku wa Manane

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu alilala na mafua tu. Saa saba usiku anaamka akikohoa kama mbwa anayebweka, sauti imemkauka, na kila akivuta pumzi koo linatoa mlio mkali. Hiyo ni krupu: virusi vimevimbisha kisanduku cha sauti na mwanzo wa bomba la hewa. Njia yake ni nyembamba, hivyo hata uvimbe mdogo huibana.

Mpakate akiwa wima, umbembeleze. Akilia huvuta hewa kwa nguvu na njia huzidi kubana, kwa hiyo usimlazimishe kufungua mdomo umchungulie koo. Mnyweshe kidogo kidogo. Hewa ya baridi ya nje huwasaidia baadhi ya watoto. Kumfukiza sikushauri: faida yake haijathibitika, na watoto huunguzwa na maji ya moto. Dawa za kikohozi na antibayotiki haziponyi virusi hivi.

Akishatulia, msikilize. Mlio ukiendelea hata akiwa ametulia, mpeleke hospitali usiku huohuo. Mbavu zikibonyea ndani anapopumua, midomo au ulimi ukigeuka bluu au kijivu, akidondosha mate kwa kushindwa kumeza, au akilegea, hiyo ni dharura, usingoje kuche. Hospitalini, dozi moja ya deksamethasoni hupunguza uvimbe ndani ya saa chache. Aliyezidiwa huvutishwa adrenalini, ambayo nguvu yake huisha mapema, ndiyo maana hubakizwa chini ya uangalizi.

Kikohozi huweza kurudi usiku unaofuata, hata kama mchana alicheza vizuri.