Kabla ya kuomba usambazaji wa bidhaa

Kiwanda cha sabuni cha Dar es Salaam kinapotangaza kuwa kinatafuta wasambazaji Kigoma na Rukwa, masharti huwa yanafanana: namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, ghala kavu, usafiri na mtaji.

Sharti la mtaji ndilo linalowaangusha wengi. Tuseme oda ya kwanza ni katoni 500, kila moja shilingi 20,000. Hizo ni milioni 10. Ukiuza katoni 100 kwa wiki, na wenye maduka wakakulipa baada ya wiki mbili, milioni 4 zitakuwa mikononi mwao kila wakati. Bila akiba hiyo pembeni, utashindwa kuagiza mzigo wa pili kwa wakati.

Katika maombi, ambatanisha nakala za leseni, taarifa ya benki, picha za ghala na orodha ya maduka unayoyahudumia. Orodha hiyo humwonyesha meneja mauzo kwamba soko unalo tayari.

Ukidaiwa ada ya usajili kwa namba ya simu ya mtu binafsi, usilipe. Hakiki kwanza jina la kampuni BRELA, kisha piga simu kiwandani kwenyewe.