Gauni Jeupe Huliwa Kidogo Kidogo

Wazazi na vijana wa Masisi na Walikale wajua vema gharama za arusi. Kuna ng'ombe au mbuzi wa mahari, kuna siku ya serikali, kuna siku ya kanisa, na mwisho karamu. Kumnunulia bibi arusi gauni atakalovaa kwa saa chache tu huwashinda wengi. Kwa hiyo hukodi. Na mama aliye na gauni moja zuri huona amepata mali isiyokwisha, kwa kuwa kila Jumamosi hutoka, na kila Jumatatu hurudi na fedha. Lakini je, kweli haliishi? Leo twapenda kulihesabu gauni hilo pamoja nanyi.

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za mfano tu, maana zabadilika toka soko moja hata jingine. Mama mmoja amenunua gauni mjini Goma kwa dola 120. Anakisia kwamba, akilitunza, litatoka mara 12 kabla weupe wake haujafifia. Basi kila arusi hula dola 10 za gauni lenyewe, hata lirudipo bila doa. Sabuni, makaa ya pasi, ndimu na mshahara wa mfuaji ni dola 3. Nyuzi, shanga zilizopotea na fundi wa cherehani, aweke dola 2. Jumla ni 15. Akikodisha kwa dola 15, mkononi ana fedha, lakini faida hana hata kidogo. Akikodisha kwa 20, faida yake ni 5. Baada ya arusi 12 atakuwa na faida ya dola 60, tena na dola 120 za kununua gauni jingine, ikiwa kila mara aliziweka kando zile 10. Asipoziweka, amekula gauni lake mwenyewe bila kujua.

Ni nini basi kinacholimaliza gauni upesi? Kwanza ni matope. Njia zetu ni za udongo, na bibi arusi hushuka kwenye pikipiki au gari, kisha mkia wa gauni huburutwa chini. Wengi hukimbilia kulitia gauni majini lingali na matope mabichi, na udongo huingia ndani ya nyuzi. Yafaa kuyaacha yakauke kabisa, kuyakung'uta, kuyapiga kwa burashi laini, ndipo kuloweka pindo peke yake katika maji ya baridi yenye sabuni kwa nusu saa.

Likibaki doa jekundu, tujue kwamba wekundu wa udongo hutokana na chuma, kama kutu. Dawa kali ya klorini haiondoi kutu, bali huigandisha. Tena hugeuza hariri na nailoni kuwa manjano. Tumia maji ya ndimu, ukiyajaribu kwanza mahali pasipoonekana, kisha suuza sana. Utomvu wa migomba iliyopambwa mlangoni ni mbaya kuliko udongo, kwa maana ukikauka hautoki tena. Hapo dawa ni moja: bibi arusi asiegemee pambo.

Kuna adui mwingine asiyeonekana. Tone la soda likikauka huwa kama halipo. Lakini sukari yake imebaki, na pasi ya moto huibadilisha kuwa doa la rangi ya chai. Kwa hiyo gauni lisipigwe pasi kabla ya kufuliwa, hata likionekana safi. Lifuliwe kwa mkono katika beseni kubwa, lisikamuliwe, likaushwe kivulini juu ya shuka safi. Likitundikwa lingali na maji, uzito wa shanga utalivuta na kuliharibu umbo. Pasi iwe ya uvuguvugu, gauni limegeuzwa nje ndani, na kitambaa safi katikati. Pasi ya makaa yaweza kurusha cheche, na cheche moja yatosha kutoboa lesi. Likisha kukauka vema, lihifadhiwe ndani ya kitambaa cha pamba, si katika mfuko wa nailoni uliofungwa, maana katika unyevu wetu ukungu haukawii.

Mabibi arusi hawana mwili mmoja. Fundi asikate kitambaa kwa ajili ya mmoja. Apige bandi, mshono wa muda unaofumuliwa kwa urahisi. Gauni la kufungwa kwa kamba mgongoni lafaa kuliko la zipu, kwani huwafaa wembamba na wanene, na zipu ndiyo huvunjika kwanza.

Suti ya bwana arusi ina sheria yake. Koti lisitiwe majini, kwa sababu bitana na kitambaa cha ndani hujikunja, na mabega hayarudi. Lipigwe burashi, litundikwe penye upepo, doa lifutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo. Suruali huchakaa mapema kuliko koti, hasa makalioni na katikati ya miguu. Ndiyo maana mkodishaji mwenye akili hununua koti moja na suruali mbili za kitambaa kile kile.

Sasa twafika penye ugomvi, yaani amana. Amana si mapato. Ni mali ya mkodi mpaka gauni litakaporudi. Mwenye gauni aliyekwisha kuitumia sokoni atatafuta doa ili asiirudishe. Tuseme amana ni dola 20, na gauni la mfano wetu limekwisha kutoka mara 5. Katika arusi ya 6 mshumaa unaunguza mbele ya gauni, wala halishoneki tena. Mwenye gauni adai nini? Si 120. Mara 5 zimekwisha kula dola 50, na ada ya arusi ya 6 imelipwa; lakini mara hiyo yenyewe ililila dola 10 nyingine. Thamani iliyobaki ni 60. Amana yatoa 20, zabaki 40, na kwa hizo yapasa mdhamini awe ametia sahihi mapema. Pindo lililochanika ni jambo dogo: bei ya fundi, na salio la amana hurudi siku ile ile. Haya yote yaandikwe kabla ya gauni kutoka, na pande mbili zilitazame pamoja mchana, likienda na likirudi.

Na likichelewa je? Katika nchi yetu swali hili ni zito. Januari 2025 Masisi mjini paliingia mikononi mwa M23, na Machi mwaka ule ule vita vikafika Walikale mjini. Gauni lililopelekwa harusini laweza kufungiwa njia kwa majuma. Akichelewa kwa uzembe, alipe Jumamosi iliyopotea, ikiwa kweli mtu mwingine alikuwa ameliagiza. Lakini vita au daraja lililokatika si kosa la bwana arusi, na kumtoza ni kumdhulumu. Mwenye gauni naye asiahidi gauni la safari ya mbali kwa Jumamosi mbili zinazofuatana.

Utajuaje kwamba wakati wake umekwisha? Liweke kando ya shuka jipya jeupe, mchana. Tazama kwapa, pindo, na nyuzi za mgongo. Likionekana la maziwa, usimvike tena bibi arusi kwa bei ile ile. Lipunguzwe, liwe nguo za wasichana wa komunyo ya kwanza. Na zile dola 120 ulizoziweka kando, zichukue uende Goma njia ikifunguka.