Saa Nne Zinazosahihisha Saa Moja

Kompyuta ikiiuliza seva ya mbali "saa ngapi sasa?", jibu hufika likiwa limeshapitwa. Seva inaweza kusema kweli tupu, lakini ujumbe wake lazima upite kwenye nyaya, ruta na foleni za mtandao, na kila hatua hula muda. Kompyuta ikiweka saa yake kama ilivyoambiwa, itakuwa imechelewa kwa kiasi cha safari hiyo. Isitoshe, haiwezi kuipima safari hiyo moja kwa moja, kwa sababu saa ambayo ingeitumia kupimia ndiyo hiyo hiyo inayoshukiwa kuwa na kasoro.

Tatizo hili ndilo linalotatuliwa na NTP, itifaki ya kulinganisha saa za kompyuta kupitia mtandao. Maelezo yake ya kwanza yaliandikwa na Mmarekani David Mills mwaka 1985, naye aliendelea kuiboresha kwa miaka mingi akiwa Chuo Kikuu cha Delaware. Hadi leo moyo wake ni hesabu fupi ya kujumlisha, kutoa na kugawa kwa mbili.

Hesabu hiyo inahitaji nyakati nne. Kompyuta inapotuma swali, huandika saa yake. Wakati huo tuuite T1. Swali likifika, seva huandika saa yake, T2. Inapotuma jibu, huandika tena saa yake, T3. Jibu likirudi, kompyuta hutazama saa yake na kupata T4. Kwa hiyo T1 na T4 zinatoka kwenye saa ya kompyuta, na T2 na T3 zinatoka kwenye saa ya seva.

Tuchukue mfano. Kompyuta iliyoko Dodoma inaiuliza seva iliyoko Ulaya, na tarakimu zinazopatikana ni hizi:

```
T1 = 10:00:00.000   (kompyuta inatuma)
T2 = 10:00:00.430   (seva inapokea)
T3 = 10:00:00.432   (seva inajibu)
T4 = 10:00:00.182   (kompyuta inapokea)
```

Kwa kuzitazama tu, mambo hayaingii akilini: jibu limetoka kwa seva saa nne na milisekunde 432, likafika Dodoma saa nne na milisekunde 182, yaani kabla halijatumwa. Saa hizi mbili hazipatani, na kazi iliyopo ni kujua zinapishana kwa kiasi gani.

Tuanze na muda wa safari, kwa kuwa ndio rahisi. Kutoka T1 hadi T4 zimepita milisekunde 182. Zote mbili zimesomwa kwenye saa moja, kwa hiyo hata kama saa hiyo iko nyuma, kosa lile lile limo kwenye namba zote mbili na linajifuta unapotoa. Ndani ya muda huo, seva ilikaa na swali kutoka T2 hadi T3, milisekunde 2, nazo pia zimepimwa kwa saa moja. Ukitoa 2 kwenye 182 unabaki na 180. Hizo ndizo milisekunde ambazo ujumbe ulikuwa njiani, kwenda na kurudi.

Sasa tofauti ya saa. Ukitoa T1 kwenye T2 unapata 430. Ndani ya namba hiyo kuna vitu viwili vilivyochanganyika: kiasi ambacho saa ya seva iko mbele, kujumlisha safari ya kwenda. Ukitoa T4 kwenye T3 unapata 250, ambayo ni kile kile ambacho seva iko mbele, lakini safari hii ikiwa imepunguzwa safari ya kurudi. Zijumlishe. Safari ya kwenda inaongeza, ya kurudi inapunguza, na zikiwa sawa zinafutana. Kinachobaki ni tofauti ya saa mara mbili:

```
safari  = (T4 - T1) - (T3 - T2) = 182 - 2 = 180 ms
tofauti = ((T2 - T1) + (T3 - T4)) / 2
        = (430 + 250) / 2 = 340 ms
```

Jawabu ni chanya, kwa hiyo saa ya Dodoma iko nyuma kwa milisekunde 340. Unaweza kulihakiki: ongeza 340 kwenye T1, na swali litakuwa limeondoka kwenye 340 na kufika kwenye 430, mwendo wa milisekunde 90. Ongeza 340 kwenye T4 upate 522, nalo jibu lililotoka kwenye 432 litakuwa limetumia 90 vilevile.

Lakini hizo 90 kwa 90 hazikupimwa. Tumezipata kwa kuchukulia kwamba njia ya kwenda na ya kurudi ni sawa, na kwenye mtandao si lazima iwe hivyo. Mara nyingi ujumbe hupita njia moja ukienda na nyingine ukirudi. Tuseme kweli ulitumia milisekunde 140 kwenda na 40 kurudi, huku kosa la saa likibaki 340. Hapo T2 itakuwa 480 na T3 482, nayo T4 itabaki 182 ile ile. Fanya hesabu upya: safari ni 180 kama mwanzo, ila tofauti inatoka 390. Tumekosea kwa 50, nusu ya pengo kati ya 140 na 40, na hakuna namba yoyote kati ya zile nne inayoweza kutushtua.

Kosa hilo, hata hivyo, lina mpaka. Ubaya wa mwisho ni safari yote kuwa ya upande mmoja, kwa hiyo kosa halizidi nusu ya muda wa safari. Kwa safari ya 180, tofauti ya kweli iko ndani ya 90 juu au chini ya jawabu.

Ndiyo sababu programu ya NTP haiamini kipimo kimoja. Huweka vipimo nane vya karibuni na kukipa uzito kile chenye safari fupi kuliko vyote. Kama swali moja lilikwama kwenye foleni ya ruta kwa milisekunde 130 likienda, safari itasomeka 310 na tofauti 405, yaani 65 zaidi ya ukweli. Kipimo hicho kitawekwa kando kwa sababu ya ile 310. Dawa hii huponya foleni za kupita tu; njia isiyo sawa siku zote huacha kosa lile lile kwenye vipimo vyote nane.

Kwenye kompyuta ya Linux yenye programu ya `ntpd`, amri `ntpq -p` huonyesha namba hizi mbili kwa kila seva, kwa milisekunde, chini ya `delay` na `offset`. Wengi hukimbilia `offset`, wakiona namba ndogo wanaridhika. Anza na `delay`, maana nusu yake ndiyo inayokuambia `offset` hiyo uiamini kiasi gani. Seva ya nchini, inayofikiwa kupitia kituo cha kubadilishana data kama KIXP cha Nairobi, ikijibu kwa safari ya milisekunde 8, kosa la njia haliwezi kuzidi 4, hata njia hiyo iwe imepinda namna gani.