Dawa ikikauka, shamba liko salama? Kweli na uongo kuhusu daftari la kunyunyiza

Katika mashamba ya mishiri na njegere kutoka Kieni hadi Timau, daftari la dawa hutazamwa kama karatasi ya mkaguzi. Lakini mwenye kulihitaji zaidi ni mama anayefika saa moja asubuhi na ndoo ya kuchumia, bila glovu, bila kujua jana palipita nini. Yanayosemwa shambani kuhusu dawa yapimwe kwa kumfikiria yeye kwanza.

"Dawa ikishakauka, watu waingie." Uongo, na ndio uongo unaoumiza wengi. Kukauka ni maji kuondoka. Dawa yenyewe imebaki juu ya jani, na mkono unaopekua majani kutafuta ganda huikusanya jani baada ya jani. Huku kwetu kuna jambo jingine. Mwezi wa Julai, wakati wa gathano, ukungu hushuka Naro Moru na umande hukaa hadi jua lipande. Jani lililokauka jana jioni limelowa tena asubuhi, na mikono ya makoti ya wachumaji inalowa nalo. Baridi pia huchelewesha kuvunjika kwa dawa nyingi. Kwa hiyo lebo ikiandika saa 24, ni saa 24 kamili, na zinahesabiwa tangu pampu ya mwisho ilipozimwa, si tangu kazi ilipoanza.

Hapo ndipo madaftari mengi yanapokosea: yana tarehe, hayana saa. Tuseme kitalu kimenyunyizwa Jumatatu tarehe 14 Julai 2025, kazi ikaisha saa nne na dakika hamsini asubuhi. Msimamizi akiandika "14/7" peke yake, kesho yake saa moja asubuhi anaona siku imebadilika, anawaruhusu wachumaji. Wameingia karibu saa nne kabla ya wakati wao. Safu ya daftari inapaswa kusomeka hivi: kumaliza 14/7, 10:50; kuingia 15/7, 10:50. Saa ziandikwe kwa mtindo wa saa 24, kwa sababu "saa 4" kwenye daftari mmoja ataisoma asubuhi, mwingine ataisoma alasiri. Saa ya kuingia iandikwe pia kwenye kibao kilichosimama mwanzo wa kitalu, maana wachumaji hawafungui daftari.

"Anayechuma anaweza kudhurika kuliko anayenyunyiza." Kweli, katika mashamba mengi. Anayenyunyiza amevaa ovaroli, gambuti, glovu na barakoa, na amefundishwa kuoga akimaliza. Mchumaji hana hata kimoja, na hushika majani kutwa nzima. Zile dawa za jamii ya oganofosfeti huzuia kimeng'enya ambacho neva zinakihitaji, na mwili huchukua muda kukirudisha. Kiasi kidogo leo, kidogo kesho, kidogo keshokutwa, hujumlishana. Ndiyo maana mtu anaweza kuugua siku ambayo dawa iliyomgusa ilikuwa kidogo tu.

"Kifuniko kimoja kwa pampu kinatosha." Uongo, na hesabu yake ni rahisi. Tuseme lebo inataka nusu lita ya dawa kwa hekta. Ekari ni kama sehemu mbili za tano za hekta, kwa hiyo ekari moja inahitaji mililita 200. Swali linalobaki ni pampu ngapi za lita 20 zinamaliza ekari, na jibu linatoka kwa mtu na pampu yake. Pima mraba wa mita 10 kwa 10, nyunyiza maji matupu kwa mwendo wa kawaida, kisha angalia yameisha kiasi gani. Zikiisha lita 5, ekari yenye miraba kama 40 itakunywa lita 200, yaani pampu 10, na kila pampu itawekwa mililita 20.

Sasa mwingine anatembea haraka, anatumia lita 4 tu kwa mraba uleule. Ekari yake ni pampu 8, na kila moja inataka mililita 25. Akishika kifuniko kilekile cha mililita 20, ameweka mililita 160 badala ya 200. Wadudu wenye nguvu wanabaki, wiki ijayo ananyunyiza tena. Wa tatu ana nozeli iliyolika tundu, anamaliza lita 7 na nusu kwa mraba. Huyo atajaza pampu 15, na kwa kifuniko kilekile ameweka mililita 300, mara moja na nusu ya kipimo. Wote watatu wataandika "20 kwa pampu" na wote wataonekana sawa. Kwa hiyo daftari liwe na idadi ya pampu na jumla ya dawa iliyotumika, pamoja na jina la aliyenyunyiza.

"Ukiruhusiwa kuingia, umeruhusiwa kuvuna." Uongo. Muda wa kuingia humlinda mfanyakazi na huhesabiwa kwa saa. Muda wa kusubiri kabla ya kuvuna humlinda mlaji na huhesabiwa kwa siku. Katika mfano wetu wa tarehe 14, tuseme tangi lilichanganywa dawa mbili: ya wadudu yenye siku 3 na ya ukungu yenye siku 7. Muda mrefu ndio unaotawala, kwa hiyo hakuna kuchuma kabla ya tarehe 21. Na mishiri haingoji. Huchumwa mara kadhaa kwa wiki, ganda likikomaa limekataliwa. Mkulima hushawishika hapo. Dawa zenye siku nyingi zinapaswa kuisha kabla ya mavuno ya kwanza.

Kenya iliwahi kulipia jambo hili. Mabaki ya dimethoeti yalikutwa kwenye mishiri na njegere zetu, na tangu mwanzo wa 2013 Umoja wa Ulaya ukawa unapima asilimia 10 ya shehena hizo. Gharama na ucheleweshaji viliwashukia hata wakulima waliofuata lebo.

"Daftari linaweza kujazwa wiki ya ukaguzi." Uongo, na mkaguzi makini hugundua upesi. Huanzia stoo. Kadi ikionyesha lita mbili ziliingia na chupa iliyobaki ina nusu lita, daftari lazima lieleze lita moja na nusu. Kisha huchukua orodha ya vibarua na kutazama nani alilipwa kuchuma kitalu kile siku ile. Wachumaji wakilipwa kwa asubuhi ya tarehe 15, daftari safi haliwaokoi.

"Dawa yenye ukanda wa kijani haina muda wa kusubiri." Uongo. Rangi inaeleza ukali wa sumu ikiingia mwilini kwa mara moja. Saa na siku zimeandikwa mahali pengine kwenye lebo, zisomwe huko.

Kuna siku daftari linahitajika haraka kuliko ukaguzi wowote. Mchumaji akitokwa na jasho na mate mengi, mboni za macho zikiwa ndogo, akitapika au kubanwa kifua, atolewe shambani, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa maji na sabuni, kisha akimbizwe hospitali. Ukurasa wa kitalu kile upigwe picha pamoja na lebo, viende naye. Atropini hutumika kwa sumu ya oganofosfeti. Kwa pairethroidi matibabu ni mengine, na daktari hawezi kusubiri mtu arudi shambani kuuliza ilikuwa dawa gani.