Mkia wa Mbwa Unapoelea Kushoto

Mgeni akisita getini, mwenye nyumba humtoa hofu: "Karibu, hana neno huyo. Si unaona anatikisa mkia?" Mgeni hupiga hatua, hunyoosha mkono, na mara nyingine hung'atwa. Mwenye mbwa hubaki ameduwaa, kwa sababu mkia aliuona mwenyewe ukitikisika. Ni kweli ulitikisika. Lakini mkia unaotikisika hautangazi furaha. Unatangaza kwamba mbwa amesisimka, yaani kuna kitu mbele yake ambacho hawezi kukipuuza. Kama anataka kukisogelea, kukikimbia au kupambana nacho, hilo huonekana katika kimo cha mkia, kasi yake na upande unaoelemea.

Kimo ndicho rahisi kukiona, ila lazima kwanza ujue mkia wa mbwa huyo hukaa wapi akiwa ametulia. Mbwa wengi wa mitaani kwetu hubeba mkia juu ya mgongo, umepinda kidogo. Mbwa wa mbio wa Ulaya, greihaundi, huuacha uning'inie karibu na miguu ya nyuma hata pasipo na cha kumtisha. Kwa hiyo mkia mmoja ulio chini waweza kuwa wa mbwa mwoga, na mwingine ulio palepale ukawa wa mbwa asiye na shida yoyote. Ukishajua mahali pake pa kawaida, ndipo mabadiliko yanapoeleweka. Unaopanda juu ya hapo ni wa mbwa anayejiamini au anayejipandisha mbele ya mwenzake. Unaoshuka ni wa mwenye wasiwasi, na ukifichwa kabisa kati ya miguu, mbwa ameogopa. Harufu nayo ina sehemu yake. Pembeni mwa njia ya haja kuna tezi mbili zenye harufu ya pekee kwa kila mbwa. Anayeinua mkia huiachia harufu hiyo iwafikie wengine, na anayeubana huizuia.

Kasi huonyesha msisimko ni mkubwa kiasi gani, lakini haisemi ni msisimko wa namna gani. Ndiyo maana haifai kuitazama peke yake. Mkia ulio usawa wa mgongo, unaopepea kwa mapana hadi kiuno kizima kinayumba, ni wa mbwa anayekupokea. Mkia ulio chini unaotikisika harakaharaka kwa mapigo mafupi ni wa mbwa anayeomba asidhuriwe. Ukiendelea kumbana, hata huyo anaweza kung'ata kwa woga. Wa tatu ndio unaowadanganya watu getini. Umesimama juu, umekakamaa, na ncha inatetemeka kwa kasi huku mwili wote umetulia tuli na mdomo umefungwa. Mbwa wa namna hiyo yuko tayari kushambulia. Simama pale ulipo, mgeuzie ubavu, usimkazie macho wala usipeleke mkono juu ya kichwa chake, na umwache mwenyewe aje amfunge.

Suala la upande lilichelewa kugunduliwa, nami naona ndilo linalostaajabisha kuliko yote. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Italia, Angelo Quaranta na Marcello Siniscalchi wa Chuo Kikuu cha Bari pamoja na Giorgio Vallortigara, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia mbwa 30 wa kufugwa nyumbani. Kila mbwa aliingizwa peke yake katika kizimba chenye uwazi upande mmoja, na kamera ikawekwa juu ikitazama mgongo wake. Kwenye ule uwazi alionyeshwa, kwa dakika moja kila mara, mmojawapo wa hawa wanne: bwana wake, mtu asiyemjua, paka, au mbwa mgeni mkubwa mwenye ubabe, wa jamii ya wachungaji wa Ubelgiji. Kisha watafiti wakapima kwenye picha mkia ulifika umbali gani kila upande.

Mbwa alipomwona bwana wake, mkia ulipepea kwa mapana na kuelemea kulia. Kwa mtu mgeni uliendelea kuelemea kulia, ila kwa nguvu pungufu. Kwa paka mwendo ulikuwa mdogo sana, na bado ulikuwa wa kulia. Alipoletwa yule mbwa mbabe, mkia ukahamia kushoto. Hata mbwa alipoachwa peke yake pasipo cha kutazama, ulielemea kushoto.

Sababu iko kichwani. Nusu ya kushoto ya ubongo huongoza misuli ya upande wa kulia wa mwili, na nusu ya kulia huongoza ya kushoto. Katika wanyama wengi, nusu ya kushoto hufanya kazi zaidi pale mnyama anapovutwa kukisogelea kitu, na nusu ya kulia pale anapotaka kujitenga nacho. Mkia umo katikati kabisa ya mwili, na unavutwa na misuli ya pande zote mbili. Nusu moja ya ubongo ikizidi nyenzake, mkia huelemea. Hata paka, basi, alikuwa kwa mbwa hao kitu cha kusogelewa, pengine ili afukuzwe. Kulia si lazima kuwe ni urafiki.

Je, mbwa wengine huiona tofauti hiyo? Mwaka 2013 watafiti wa Bari waliwaonyesha mbwa 43 video za mbwa anayetikisa mkia, huku wakipima mapigo ya moyo wao. Walipoona mkia unaoelemea kushoto, mapigo yalipanda na dalili za wasiwasi zikaonekana. Wa kulia uliwaacha wametulia. Watafiti hawakudai kwamba mbwa hutuma ujumbe kwa makusudi. Mkia huenda unakoenda kwa sababu ya ubongo wake tu, naye mwenzake amezoea kinachofuata baada ya hapo.

Jaribio la China lililochapishwa mwaka 2022 liliongeza jambo zuri. Mbwa 10 wa jamii ya bigo walikutanishwa na mtu wasiyemjua kwa dakika tano kila siku, siku tatu mfululizo. Mwanzoni mikia yao ilielemea kushoto. Kadiri walivyomzoea mtu huyo ikahamia kulia.

Kabla hujaenda kumchunguza mbwa wa jirani, kumbuka kwamba kulia na kushoto hapa ni kwa mbwa mwenyewe. Akikukabili uso kwa uso, kulia kwake ni kushoto kwako. Tena tofauti ni ndogo: Bari walihitaji kamera juu ya mgongo na kupima picha moja baada ya nyingine, na walichokipata ni wastani wa mbwa wengi. Kwa jicho la mtu aliyesimama getini, kimo na ukakamavu ndivyo vya kutegemewa.

Wako pia mbwa wasiosomeka mkiani. Basenji, mbwa wa wawindaji wa misitu ya Kongo, mkia wake umejiviringa kwa nguvu juu ya nyonga, na nafasi ya kupanda au kushuka ni finyu. Rotwaila na dobamani wengi wanaolinda nyumba za mijini walikatwa mkia wakiwa vitoto, kikabaki kibutu ambacho hata mbwa wenzao hupata tabu kukielewa. Kwa hao tazama mahali pengine: masikio yaliyolazwa nyuma au kusimamishwa mbele, nywele za mgongoni zilizosimama, mdomo uliofungwa ghafla, na uzito wa mwili uliohamia miguu ya mbele.